Malaika kwa midomo mingi: namna ninavyosikiliza wimbo uliorudiwa

Kwa miaka kadhaa nilipiga gitaa katika bendi ndogo ya harusi na hoteli huko Mombasa, na wimbo ambao wageni hawakuacha kutuomba ni "Malaika". Usiku mmoja tulipata mwimbaji mpya, dada mwenye sauti nzuri, na kwa kuwa kila mmoja wetu alidai kuujua wimbo huo tangu utotoni, hatukufanya mazoezi. Ilikuwa aibu. Mimi nilianza kwa kasi niliyoizoea katika santuri ya Fadhili William, naye akaingia kwa mwendo wa pole aliojifunza kwa Miriam Makeba. Zaidi ya hayo, alipofika "nami nifanyeje" sauti yake ilizama chini hata meza ya mbele haikuisikia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza nyimbo zilizorudiwa kwa utaratibu, na ningependa kuueleza kwa kutumia wimbo uleule ulionifedhehesha.

Kwanza ni lazima uamue ni rekodi ipi unayoiita ya asili. Utunzi wa "Malaika" umegombaniwa kwa muda mrefu, na Adam Salim ni mmoja wa waliodai kuwa ni wao walioutunga, lakini kwa msikilizaji kipimo cha kuanzia ni rekodi za Fadhili William za mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchini Kenya. Nasema "rekodi" kwa wingi kwa sababu aliurekodi zaidi ya mara moja, kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana kuhusu "ule wa asili" huku kila mmoja ana wake kichwani. Ukishachagua, sawazisha sauti ya spika kabla ya kulinganisha. Rekodi za zamani husikika chini kuliko za siku hizi, na sikio humpa ushindi yule anayepiga kelele zaidi, wala halisemi kwamba limehongwa.

Baada ya hapo napima kasi. Natazama saa, nagonga meza kwa kila pigo kwa sekunde 15, kisha nazidisha kwa 4 ili nipate mapigo ya dakika moja. Hesabu hii ina mtego mmoja: mtu mmoja anaweza kugonga kila pigo na mwingine akagonga pigo moja na kuruka moja, mmoja akapata 100 na mwenzake 50 kwa wimbo uleule. Ukiona toleo moja lina nusu kamili ya jingine, gonga tena kabla ya kutangaza kwamba mpangaji wa muziki ameupunguza mwendo.

Kasi ikishajulikana, sikiliza pengo. Mwimbaji akisema "Malaika" halafu akanyamaza, ni nani anayejibu? Katika bendi kama yetu mjibuji ni gitaa la solo, ambalo huchomeka nota tatu nne na kumwachia nafasi anaporudi. Wimbo ukipunguzwa mwendo, pengo hilo hurefuka, na mpangaji hana budi kuamua: aliache wazi, alijaze kinanda, au mwimbaji mwenyewe aivute silabi ya mwisho hadi ikutane na mstari unaofuata. Makeba na Harry Belafonte, katika albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, waliuimba wawili, kwa hiyo pale ambapo bendi ingetegemea gitaa kuna mwanadamu wa pili wa kumsikiliza. Angélique Kidjo, aliyeurekodi katika albamu ya Logozo mwaka 1991, aliubeba kama mwimbaji mkuu mmoja. Sikiliza matoleo hayo mawili ukiyafuata mapengo peke yake, bila kujali maneno, na utashangaa jinsi mahadhi yaleyale yanavyobadilika kutoka mazungumzo kuwa mtu anayejisemea chumbani.

Jambo la tatu ni ufunguo, yaani nota ambayo wimbo mzima unaiita nyumbani, na hapa ndipo tulipoangukia usiku ule. Mimi nilikuwa nikipiga katika D. Dada yule angeimba palepale pa mwanamume, nota za chini zingemshinda. Angepanda oktava nzima, zile za juu zingekuwa ukelele. Dawa ilikuwa kuuhamisha wimbo katikati, na tulipojaribu kesho yake tulitua kwenye F. Kuhama huko hakumhusu mwimbaji peke yake. Katika D nilikuwa na nyuzi za D na A zinazolia wazi bila kubanwa, na mapambo yangu yote yaliegemea mlio huo. Katika F nyuzi hizo hazikunipa tena ule mlio wa nyumbani, na ilibidi nitunge majibu mapya. Aliyetusikia wiki iliyofuata angeweza kudhani tumeupanga wimbo upya kwa ubunifu mkubwa, kumbe tulikuwa tunalikimbia koo la mtu. Kwa hiyo ukisikia gitaa limebadilika katika wimbo uliorudiwa, tafuta kwanza kama ufunguo umehama: imba nota ile ambapo wimbo unatulia mwishoni, ishikilie mdomoni, kisha cheza toleo la pili uone kama linatulia hapohapo.

Kuhusu toleo la Boney M. la mwaka 1981 sitasema mengi. Kundi lile la disko lilifanya lilichokijua, na wapo wanaolipenda. Mimi naona kwamba kijana anayelia kwa kukosa mahari hawezi kuliliwa na umati unaocheza, lakini hayo ni masikio yangu.

Kinachobaki ni maneno, na msikilizaji wa Kiswahili ana bahati ya kusikia kitu ambacho walimwengu wengi walioupenda wimbo huu hawakukisikia. Mstari mkuu unasema "ningekuoa", na kwetu anayeoa ni mwanamume, mwanamke huolewa. Makeba na Kidjo waliliacha neno hilo kama lilivyo, na wimbo uliendelea kuwa kilio cha kijana wa kiume hata kinapotoka kinywani mwa mwanamke. Ni uamuzi, hata kama mwimbaji hakuufikiria.

Dada wa bendi yetu aliufikiria. Aliniuliza kwa nini asiimbe "ungenioa", na tulipohesabu tulikuta silabi ni tano kama zilivyo katika "ningekuoa", na mkazo unaangukia palepale kwenye "o". Mahadhi hayakuhitaji kuguswa. Tatizo likawa mstari wa kabla yake, kwa maana mwanamke anayesema "nashindwa na mali sina, ungenioa" hasemi jambo linaloeleweka. Mahari haitoki kwake. Akabadilisha herufi chache tu: "washindwa na mali huna, ungenioa". Silabi zilibaki zilezile, gitaa langu likabaki lilelile katika F, mwendo ukabaki wa Makeba, lakini wimbo uliacha kuwa kilio ukawa shutuma. Aliuimba hivyo mara moja tu, kwenye harusi moja. Akina mama walipiga vigelegele kabla hajamaliza ubeti, na upande wa wanaume mzee mmoja aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akamgeukia kijana aliyeketi karibu naye, akamtazama.