Namba sita nilizomsomea "mwajiri" wangu

Juzi dada mmoja wa Katuba alinitumia picha ya skrini akaniuliza: "Kaka, hii kazi ni ya kweli?" Kazi ya ofisini mgodini Kolwezi, dola 1,800 kwa mwezi, hakuna mtihani. Nikasoma mistari miwili tu, moyo ukapiga paa. Ni maneno yale yale niliyoandikiwa mimi mwaka jana.

Mimi ni mhasibu, na wakati ule nilikuwa nimekaa miezi bila kazi hapa Lubumbashi. Basi jioni moja, umeme umerudi sasa hivi, nikakuta ujumbe kwenye Linkedin. Picha ya bwana mwenye helmeti, jina zuri, sifa tele kwa profili yangu. Baada ya ujumbe wa pili akataka tuhamie WhatsApp, eti huku haingii mara nyingi. Nikampa namba. Sikujiuliza kwa nini mwajiri anakimbia mahali ambapo watu wangeweza kumripoti, akafungiwa.

Kesho yake ikaja barua yenye nembo ya kampuni kubwa. Nilitazama nembo, sikutazama anwani. Anwani ya barua husomwa upande wa kulia wa alama ya @. Tuseme, kwa mfano tu, kampuni inatumia `mgodi.example`. Barua ikitoka `rh@emploi.mgodi.example`, hiyo ni nyumba ya kampuni, chumba kingine tu. Ikitoka `rh@mgodi-emploi.example`, hiyo ni nyumba ya mtu mwingine kabisa, aliyeinunua kwa dola chache na kuandika jina la kampuni mlangoni. Yangu ilikuwa na kale kakistari. Na hata anwani ikiwa sahihi, inaweza kughushiwa, kwa hiyo piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua.

Akaomba picha ya kadi ya mpiga kura, mbele na nyuma, halafu picha yangu nimeishika karibu na uso. Nilituma! Kadi yetu ina jina la baba, la mama, anwani ya nyumbani. Mtu mwenye picha hizo anaweza kujaribu kusajili laini ya simu au kufungua akaunti kwa jina langu. Mpaka leo sijui ziko mikononi mwa nani, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Kisha akapiga simu. Mfumo wa mtihani, akasema, utanitumia namba sita, nimsomee. Nilikuwa nakula bukari. Mkono mmoja una mchuzi, mwingine una simu, nikamsomea moja moja. Ujumbe wenyewe ulitoka WhatsApp na ulisema nisimpe mtu yeyote. Namba hizo ndizo zinazohamisha akaunti kwenda simu nyingine, hazina kazi nyingine. Sikumaliza sahani, WhatsApp yangu ikajifunga.

Jioni mdogo wangu akanipigia: "Yaya, ile makuta uliomba tulikutumia. Ilifika?" Yule mtu alikuwa amewaandikia ndugu na rafiki zangu kwa jina langu kwamba nimepata kazi, nahitaji dola 120 za kipimo cha afya, watume Airtel Money kwa namba ya "sekretari". Mjomba alituma. Wenzangu wawili wa chuo walituma.

Nilifungua upya WhatsApp kwa namba yangu, nikaomba namba sita nyingine, nikaziingiza. Hapo mwizi hutolewa papo hapo. Lakini alikuwa ameshaweka namba yake ya siri, na asiyeijua husubiri siku 7 ndipo arudi ndani. Kama ningekuwa nimeiweka mimi mapema, namba sita peke yake zisingemtosha. Fungua sasa hivi: Paramètres, Compte, Vérification en deux étapes. Ndugu zangu, hata usimalize kusoma makala hii, weka kwanza!

Yule dada nilimwambia aingie kwenye profili ya huyo bwana, abonyeze Plus, kisha À propos de ce profil. Hapo huonyeshwa lini akaunti ilifunguliwa. Eti mkuu wa wafanyakazi kwa miaka kumi na tano, na akaunti ni ya mwezi uliopita. Akaunti ya zamani nayo inaweza kuwa imeibwa, kwa hiyo usitulie kwa sababu ya tarehe tu. Dada akamwambia yule bwana kwamba kadi ataipeleka mwenyewe ofisini, siku ya kusaini mkataba. Hakujibiwa tena.

Wenzangu nimeshawarudishia. Mjomba bado ananidai nusu, na kila nikifika kwake Ruashi huwaita watoto: "Njooni mumwone mtu wa migodi!"