Kuondoa mikanda na vigae angani baada ya kuhariri picha kwa nguvu

Swali: «Nimepiga jahazi machweo, anga likiwa safi bila wingu. Baada ya kulitia giza na kuongeza kontrasti limekatikakatika mikanda, na nikikuza naona viboksi. Ninayo JPEG tu. Inaokoleka?»

Inaokoleka, ila kwanza hakikisha kwamba ubovu umo kwenye faili na si kwenye kioo chako. Kuza picha hadi 100%, chukua kifaa cha kusoma rangi, uweke sampuli ya pikseli moja, kisha usome namba za chaneli moja ukishuka taratibu kutoka juu ya anga kwenda upeo wa macho. Ukiona 96, 96, 96, kisha ghafla 99, bila 97 wala 98 kutokea popote, mikanda imo kwenye faili. Namba zikipanda moja moja na bado unaona ngazi kali, ishuku skrini. Zipo nyingi za bei nafuu ambazo haziwezi kuonyesha biti 8 kamili kwa kila chaneli.

Nieleze chanzo kwa mfano wa picha kama yako, kwa sababu vipimo vyote vya tiba vinatoka humo. Tuseme anga limechukua pikseli 2,400 kwenda chini, na katika JPEG asili mwangaza wake unatoka 110 juu hadi 150 karibu na maji. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, na anga hili linatumia takriban 40 kati ya hizo, kwa hiyo kila ngazi inatanda pikseli 60 hivi. Tofauti ya ngazi moja jicho halisumbuki nayo. Ukivuta kontrasti mara tatu, ngazi zile zile 40 zinatawanywa kwenye nafasi ya 120. Mikanda inabaki na upana ule ule, lakini kila mmoja sasa unaruka ngazi tatu kutoka kwa jirani yake, na huo ndio mstari unaouona. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384, ndiyo maana linavumilia kuvutwa namna hiyo. Kamera yako ikiwa na RAW, iwashe kuanzia leo.

Viboksi vina asili nyingine. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila mraba hutupa kwanza mabadiliko madogo madogo. Kwenye anga laini, mara nyingi kinachobaki ni wastani wa mraba tu, basi mraba mzima unakuwa rangi moja. Rangi huumia zaidi kuliko mwangaza, kwa sababu kwa kawaida huhifadhiwa kwa nusu ya vipimo, na miraba yake hutokea mikubwa ya 16 kwa 16. Kuvuta kontrasti hakuiumbi miraba hiyo, huifichua tu.

Kwa hiyo rudi kwenye JPEG ambayo haijaguswa, usijaribu kutibu ile uliyokwisha kuihariri. Katika GIMP 2.10 ifungue, nenda `Image > Precision` na uchague `32 bit floating point`. Hatua hii peke yake hairekebishi kitu, na wengi huishia hapo wakashangaa. Kazi yake ni kutoa nafasi ya ngazi za katikati ambazo utazitengeneza sasa.

Nakili tabaka la picha. Kwenye nakala, futa jahazi kwa kifaa cha kunakili, mlingoti, foromali na tanga, ukifunika kwa anga la jirani. Usijali usafi wa kazi, kwa sababu sehemu hiyo haitaonekana. Kinachotakiwa ni kusiwe na weusi karibu na anga. Ukiruka hatua hii, ulainishaji utauburuta weusi wa tanga hadi angani, na jahazi litazungukwa na kivuli kichafu ambacho kwa maoni yangu ni kibaya kuliko mikanda yenyewe. Kisha tumia `Filters > Blur > Gaussian Blur`. Namba ya hapo ni nusu ya upana wa mkanda: mikanda ya pikseli 60 inahitaji 30. Chini sana ya hapo ngazi zinapungua makali tu bila kutoweka. Juu sana hupati faida, ila unazidi kukaribisha matatizo kwenye upeo wa macho. Namba hiyo inavimaliza hata viboksi vya 8 na 16, kwa hiyo havihitaji tiba ya pekee.

Weka maski kwenye nakala ili ionekane juu ya anga tu, na jahazi halisi litokeze kutoka tabaka la chini. Kama kuna mawingu mepesi usiyotaka kuyapoteza, yatoe kwenye maski. Mikanda haikai penye umbile, hukaa penye utupu. Kwenye mawingu yenye viboksi vya rangi, tumia nakala nyingine iliyolainishwa kidogo na uipe hali ya `LCh Color`, ili rangi ilainike na umbo la wingu libaki.

Sasa ndipo utie giza na kontrasti, juu ya tabaka zilizounganishwa. Soma namba tena: zile 97 na 98 zilizokuwa hazipo zitakuwa zimejaa.

Usihifadhi bado. Anga lililolainishwa kabisa likirudishwa kwenye biti 8 linaweza kuonyesha mistari hafifu tena, na pia linaonekana kama plastiki pembeni ya jahazi lenye chengachenga za kamera. Punguza kwanza picha hadi ukubwa wa mwisho, kwa sababu kupunguza kunachanganya pikseli na kuzifuta chengachenga, kisha ongeza chengachenga angani kwa `Filters > Noise > RGB Noise`. Ondoa alama kwenye `Independent RGB` ili zisiwe za rangi rangi, anzia sifuri, upandishe polepole ukitazama kwa 100%, na usimame mara tu mistari inapopotea. Wanaotumia Photoshop, `Add Noise` ya 1% yenye `Gaussian` na `Monochromatic` ni mwanzo mzuri.

Kwenye kuhifadhi, chagua `4:4:4`, yaani rangi ihifadhiwe kwa vipimo kamili, na ubora wa 92 hivi. Kwa mwenye TIFF na ImageMagick:

```
magick anga.tif -quality 92 -sampling-factor 4:4:4 anga.jpg
```

Ubora ukishushwa mno, chengachenga ndizo za kwanza kutupwa, na miraba inarudi pale pale. Hilo ndilo linalotokea picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Itume kama waraka, ifike jinsi ilivyo.

Kuna anga moja ambalo njia hii haiokoi, nalo ni lile la kuzunguka jua ambapo chaneli nyekundu imegonga 255 mapema kuliko nyingine. Hapo utaona duara la njano lenye ukingo mkali, na kulainisha kutalitanua tu, kwa kuwa namba za kweli hazimo tena kwenye faili. Mahali hapo punguza kontrasti kwa maski ya duara pana yenye ukingo mlaini, uliache jua liwe jeupe.