Maswali na majibu: Wanaochomoka mwishoni mwa video

Nafundisha ufundi simu. Video yangu ya dakika 10 inakwenda vizuri, ila nikiomba watu wasabskraibu mwishoni wanakimbia. Niache kuomba? (Fundi, Morogoro)

Omba tu. Kinachokuponza ni kutangaza kwamba umemaliza. Isome upya ile grafu ya watazamaji waliobaki uliyonitumia, ukiwa na video yenyewe pembeni. Kwenye 8:48 walikuwepo 43% ya walioanza, na kwenye 9:00 walikuwa 42%. Huo ndio mwendo wako wa kawaida, watu wanapungua mmojammoja. Kwenye 9:00 simu inawaka, nawe unasema, "Basi ndugu zangu, mpaka hapo simu yetu imepona." Kufika 9:12 wamebaki 29%, na hapo hata hujafungua mdomo kuomba. Ombi linaanzia hapo. Sekunde 12 baadaye wamebaki 25%.

Sasa piga hesabu kwa waliokuwepo, achana na walioanza. Kati ya kila watu 100 waliofika 9:00, 31 waliondoka kabla hujaomba chochote. Kati ya kila 100 waliolisikia ombi likianza, waliondoka 14 hivi. Ombi limekuta watu wameshavaa viatu.

Na wala usiwalaumu. Walikuja kuona simu inapona, wameiona, wamekwenda. Grafu inakuonyesha wametoka wapi, haikwambii kwa nini, na wengi wa hao 31 wangeondoka hata ungenyamaza kimya. Unachoweza kukibadilisha ni mahali pa ombi. Liweke kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasha, wakati betri imeshafungwa na kila mtu anasubiri: "Wiki ijayo nafungua simu iliyoingia maji, sabskraibu usiikose." Sentensi moja, kisha washa. Usije ukageuza nafasi hiyo kuwa hotuba ya dakika mbili ili kuwashikilia watu, maana watavuta video mbele na hilo ombi hawatalisikia kabisa.

Tatizo lako kubwa hata hukuliuliza. Skrini ya mwisho, ile yenye video nyingine ya kubonyeza, umeianzisha 9:42, na hapo wamebaki 14%. Kwa kila watazamaji 1,000, watu 420 waliiona simu ikiwaka, lakini 140 tu ndio waliopewa pa kwenda. Ianzishe simu inapowaka, juu ya picha hiyohiyo, huku bado unaongea. Ukirekodi, acha upande mmoja wa fremu wazi ili vile visanduku visije kuifunika simu, halafu video iishe ndani ya sekunde 20. Shukrani kwa mjomba aliyekukopesha kamera ziandike kwenye maelezo chini ya video.

Kuaga kwa dakika nzima kunashusha wastani wa kutazamwa au hakushushi? (Mwalimu wa hesabu, Tanga)

Inategemea wastani upi, na ninyi walimu wa hesabu mlipaswa kuwa wa kwanza kuliona hili. Chukua video ya fundi wa hapo juu, tuseme mpaka 9:00 mtazamaji wa wastani ametazama sekunde 300 kati ya 540. Hiyo ni karibu 56%. Ile dakika ya kuaga inatazamwa kwa wastani wa sekunde 13 tu, kwa kuwa wengi wameshatoka. Sasa ni sekunde 313 kati ya 600, yaani 52%. Muda wa wastani umepanda, asilimia imeshuka, na ni watu walewale, hakuna aliyetazama pungufu.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha asilimia pekee na kudai kuaga kunaua chaneli, mwambie alete na sekunde. Hasara ya kuaga kurefu huioni kwenye wastani. Ipo kwa wale waliofika mwisho wakakosa cha kubonyeza. Ripoti yake ni ya mibofyo ya skrini ya mwisho, nayo ipo ndani ya YouTube Studio, ila wengi hawajawahi kuifungua.

Skrini ya mwisho iwe sekunde ngapi? (wengi mno)

Kati ya 5 na 20. YouTube yenyewe haikubali nje ya hapo. Nimeshalijibu hili na sitalijibu tena.

Nilipoomba laiki katikati ya video sikuona shimo lolote kwenye grafu. Ina maana haikunigharimu kitu? (Mama wa mapishi, Mombasa)

Hatujui, mama yangu. Data ya grafu hiyo ina nukta 100 kwa video nzima, iwe fupi au ndefu. Video yako ni ya dakika 40, hivyo kila nukta inabeba sekunde 24. Ombi la sekunde tano linamezwa humo na kitunguu kinachokaangwa kabla yake na nyanya zinazofuata. Hata shimo ungeliona, usingejua ni la laiki au ni la kitunguu.

Ukitaka kujua kweli, fanya video kadhaa za urefu unaokaribiana, nusu zenye ombi na nusu bila, kisha linganisha mteremko wa mahali palepale. Tazama pia ni watu wangapi walisabskraibu kutokea kila video. Ombi lililopoteza watazamaji wawili na kuleta wafuasi kumi halina kosa. Kosa ni ile sala ya "laiki, komenti, shea, sabskraibu, gonga kengele" kwa pumzi moja. Mtu aliyeombwa mambo matano hafanyi hata moja. Chagua moja.

Video yangu ina watazamaji 60. Mwishoni nilipoteza 8% ghafla. Nimekosea wapi? (Kijana, Kigoma)

Kama waliofika mwisho ni 12, basi hiyo 8% ni mtu mmoja. Labda chaji ilikata. Na kama hao 60 umewatoa kwenye magrupu ya "nisabskraibu nikusabskraibu", usisome grafu hiyo kabisa, maana wanaingia kutimiza ahadi na kutoka. Isitoshe, YouTube inakataza mchezo huo, na wafuasi wa namna hiyo inaweza kuwafuta.

Grafu yangu badala ya kushuka mwishoni inapanda kidogo. Ni hitilafu? (Bodaboda, Kisumu)

Si hitilafu. Wapo walioruka katikati kwenda kuona matokeo. Tazama ni wapi waliporuka, hapo ndipo ulipowachosha.

Video zangu zote zinaporomoka mwishoni wima kama ukuta, na mimi siagi wala siombi kitu. (Mhariri wa video za harusi, Dodoma)

Umetazama video yako mpaka sekunde ya mwisho? Nimeitazama. Bibi harusi anaingia garini, kisha kuna giza la sekunde 40 bila sauti. Kuna kipande kimesahaulika mbali kwenye taimlaini yako ya kuhariria, pengine sauti iliyozimwa, na programu ikatoa video mpaka kilipo. Ndiyo maana hata skrini yako ya mwisho inatokea juu ya weusi, na watu wameshaondoka.

Huna haja ya kupakia upya na kupoteza komenti. Ingia YouTube Studio, fungua Editor, tumia Trim & cut kukata hilo giza, na kiungo kinabaki kilekile. Ila kama video imepita watazamaji 100,000 na chaneli yako haimo kwenye mpango wa washirika wa YouTube, huenda isikubali kuhifadhi. Ukishakata, rudi ukague skrini ya mwisho imekaa wapi. Na kabla ya kutoa video nyingine, punguza zumu ya taimlaini mpaka uione yote, ufute kila kilichoachwa kule kulia.