Hizo kazi fupi fupi ziandike hivi, mwanangu

"Mama, kuna kampuni ya boti wanataka msimamizi wa bukingi, maombi ni kwa imeli. Ila mie nna kazi tano ndani ya miaka mitatu. Niziandikeje wasinione situlii pahala?"

Waalaykum salaam mwanangu. Sivi uliyonitumia wasap nimeisoma, na kwanza kazi zako wala si tano. Nungwi umeiandika mara mbili, Disemba 2022 mpaka Machi 2023, halafu tena Juni 2023 mpaka Machi 2024, kama waajiri wawili, na kumbe ni hoteli ile ile, ilifunga masika, ikafungua, ikakwita urudi. Hilo ndo jambo zito kuliko yote ulonayo na weye umelifanya lionekane kasoro! Mtu asotulia nani atamwita tena? Weka jina la hoteli mara moja, chini yake misimu miwili, na uandike wazi "mkataba wa msimu, niliitwa tena msimu wa pili".

Mie nimekaa ofisi ya utumishi hotelini, barua hizi nimezisoma mpaka nikachoka, nakwambia msomaji hazisomi unavodhani. Jicho linakwenda kwenye tarehe kwanza. Akiona miezi mitatu, miezi minne, miezi saba, anajiuliza kitu kimoja tu, huyu aliondoka au kazi ndo ilokwisha? Ukimjibu pale pale anaendelea kusoma, usipomjibu anajijibu mwenyewe na hapo usitegemee akuonee huruma, ana barua nyengine chungu nzima za kusoma. Mtu wa hoteli akiona "Machi" mara mbili anajua, hoteli nyingi za pwani Aprili na Mei zinafunga au zinapunguza watu kwa mvua na wageni kuwa wachache, lakini hawa ni watu wa boti, boti zinakwenda mwaka mzima, meneja wao huenda hilo halimjii kabisa kichwani. Kwa hivo mwambie. Ile miezi miwili mitupu katikati usiitolee maelezo, ukishaandika msimu imejieleza.

Sasa sentensi yako hii, "Nimebadilisha kazi mara kadhaa kwa kuwa napenda changamoto mpya na kujifunza vitu tofauti." Ifute. Wallahi ifute. Unamwambia mtu anotafuta wa kukaa kwenye dawati la bukingi Januari mpaka Disemba kwamba ukizoea kazi utachoka. Na pia si kweli, hukubadilisha kazi mara kadhaa, mara moja tu uliondoka kwa hiari yako, nyengine zote zilikuwa na tarehe ya mwisho kabla hujaanza. Tafauti hiyo ndo barua yenyewe.

Ya sensa iache kwenye sivi, mstari mmoja, "karani wa sensa, Agosti 2022, kazi ya muda". Kwenye imeli usiitie. Najua unataka kuonyesha ulijaza taarifa za watu kwenye kishikwambi na hukukosea, lakini ukilazimisha sensa iwe bukingi msomaji ataona unavuta kamba, na akishaona hivo pahala pamoja ataanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli. Hakuna asojua kwamba sensa ilifanyika ikaisha, haina haja ya kutetewa.

Sasa ile kazi ya Jambiani. Hapa ndo umenipigia simu mara mbili. Umeandika "mkataba uliisha" na mkataba haukuisha, uliondoka mwenyewe. Usifanye hivo, watapiga simu, na Unguja hii nani hamjui nani. Halafu mie nikiwa nasoma barua ambayo kila kazi imekwisha kwa sababu ya watu wengine, mwombaji mwenyewe hajawahi kuamua kitu, siiamini. Moja ulioondoka mwenyewe, ukaisema kwa utulivu, inazipa nguvu zile nyengine. Sababu ulizonambia ni mbili, mishahara ilikuwa inachelewa, na ulikuwa unataka kazi isofungwa masika. Zote kweli. Kwenye imeli andika hiyo ya pili, maana ndo inayohusu kazi unayoomba. Ya mishahara ibaki kwa usaili, wakikuuliza sema "mishahara ilikuwa haifiki kwa wakati, nikatoa notisi" kisha nyamaza, usianze kuhadithia meneja alisema nini. Ila hiyo notisi ya mwezi itie kwenye imeli, mtu asotulia hatoi notisi, anazima simu.

Aya ya kuzieleza kazi hizi kwenye imeli iwe ya pili. Ya kwanza sema unaomba kazi gani na uliiona wapi, basi. Usiiweke mwisho kabisa, huko itasomeka kama unaomba radhi, na maneno kama "kwa bahati mbaya" au "licha ya" nisiyaone. Nimekuandikia hivi, ipitie uone kama kuna neno si lako:

"Kazi zangu za Nungwi na ofisi ya watalii zilikuwa za mikataba yenye mwisho uliojulikana tangu mwanzo: Nungwi misimu miwili, ambapo niliitwa tena baada ya msimu wa kwanza, na ofisi ya watalii Mjini kuanzia Mei mpaka Julai 2024, nikishika nafasi ya mfanyakazi aliyekuwa likizo ya uzazi. Jambiani niliondoka mwenyewe Machi 2025 baada ya kutoa notisi ya mwezi mmoja, kwa kuwa natafuta kazi ya mwaka mzima. Kote huko nilikuwa kwenye bukingi: kupokea, kubadilisha tarehe na kurejesha pesa za wageni waliovunja safari."

Unaona, sentensi tatu. Ya kwanza inasema kwa nini zilikwisha, ya pili inasema uliyoondoka mwenyewe, ya tatu inaonyesha kwamba pahala palibadilika lakini kazi ilikuwa ile ile. Hiyo ya tatu bila mbili za kwanza ni maneno matupu, na mbili za kwanza bila ya tatu unaonekana mtu wa kupelekwa na upepo. Baada yake aya moja fupi, chukua kisa kimoja, kile cha siku boti hazikwenda kwa upepo wa kusi na ofisi ikajaa wageni wanataka kubadilisha tarehe, eleza ulifanya nini na uliandika wapi nani karejeshewa na nani kahamishwa. Hawa ni watu wa boti, kisa hicho wanakijua kwa upande wao.

Kwenye sivi tarehe ziwe na mwezi na mwaka. Wengine wanaandika mwaka mtupu, "2022–2023", wakidhani wamezificha, mie nikiona hivo ndo kwanza nahesabu.

Na shoga yako yule, alonambia naye anaomba, hii aya asiikopi. Yeye kaacha mwenyewe tatu mfululizo, kila moja hata miezi mitatu haijafika, ya kwake haijibiwi kwa neno mkataba, aniite nimsikilize kwanza.

Yule meneja wa Nungwi mpigie leo kabla hujamwandika kuwa mdhamini, mwambie unaomba kazi gani, na umwombe akiulizwa aseme kwamba walikwita tena. Akikubali nitumie imeli niisome kabla hujaibonyeza.