Bei moja au kulipa kwa siku?

"Tunafunga sistimu ya stoku na uhasibu, duka na stoo mbili hapa Jinja. Kampuni moja imetaja bei moja tu, nyingine inachaji kwa siku. Niende na ipi?"

Ndugu, usichague bado, gawa kazi kwanza. Wiki za mwanzo za kuchunguza stoo zako lipa kwa siku lakini weka kikomo, mfano siku 10, wakuandikie kila kitu kitakachofanyika, halafu hiyo karatasi ndo ifungiwe bei moja. Sisi tulisaini bei moja kabla ya mtu yeyote kufungua vitabu vyetu, kumbe sukari tunanunua kwa gunia tunauza kwa kilo, wakasema kubadilisha vipimo haimo kwenye mkataba, lipa tena, na kuunganisha na EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi URA, vilevile.

Kuhamisha data ya zamani endelea kulipa kwa siku, hakuna anayejua uchafu uliomo.

Wateja wa zamani wa kampuni hizo wapigie, ila sio bosi, omba mtunza stoo, muulize baada ya kuanza waliletewa invoisi ngapi za nyongeza, na kama bado anaandika kwenye kitabu pembeni.