Simu kuwa Kibodi ya Boksi la Televisheni: Maswali na Majibu

Simu yangu hailioni boksi la Android TV kabisa. Nimeifuta Google Home, programu ninayotaka iifanye simu kuwa rimoti na kibodi, na kuiweka upya mara tatu. (Mwanza)

Swali hili huletwa mara kwa mara, na karibu kila mwulizaji husahau kusema simu imeunganishwa wapi na boksi limeunganishwa wapi, ilhali jibu limo humo. Boksi hujitangaza ndani ya mtandao wa nyumbani ili simu ilitambue, na tangazo hilo halivuki ruta. Simu inayotumia bando haiwezi kulisikia, hata ikiwa imewekwa juu ya boksi lenyewe.

Nilimwomba msomaji huyu asome namba ya IP ya kila kifaa katika mipangilio ya mtandao. Boksi lilikuwa na 192.168.100.14, na simu 192.168.0.105. Tofauti ya mafungu matatu ya mwanzo ilitosha kueleza yote: nyumbani kwake kuna ruta ya faiba sebuleni na nyingine aliyoinunua ili mawimbi yafike vyumbani, na hii ya pili ilikuwa imeunda mtandao wake yenyewe. Boksi lilikuwa kwenye ya kwanza, simu kwenye ya pili. Alipoihamishia simu kwenye Wi-Fi ya sebuleni, boksi lilionekana. Dawa ya kudumu ni kuiweka ruta ya pili katika hali ya Access Point, ili isambaze mtandao uleule badala ya kuunda mwingine.

Ikiwa namba zinalingana na bado hamna kitu, angalia kama kifaa kimojawapo kiko kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa kuwa ruta nyingi huzuia vifaa vya mtandao huo kuonana.

Boksi ni jipya. Naweza kuandika nenosiri la Wi-Fi kwa simu?

Kwa njia ya kawaida haiwezekani, kwa sababu kibodi ya simu hupitia mtandao ambao boksi bado halijaingia. Unganisha boksi na ruta kwa kebo kwanza, au, kwa boksi la Google TV, fuata hatua za mwanzo zinazokuelekeza kutumia Google Home. Vinginevyo andika kwa rimoti, mara moja tu.

Je, kibodi ya Bluetooth inafaa?

Inafaa, na haihitaji mtandao wowote.

Naandika nenosiri sahihi kwa simu, boksi linalikataa. (Tanga)

Kibodi ya simu hupenda kukusahihisha: hufanya herufi ya kwanza kuwa kubwa, na ukigusa neno inalopendekeza huongeza nafasi mwishoni. Kwenye televisheni unaona vitone tu, kwa hiyo huoni kosa. Hesabu vitone hivyo. Vikizidi herufi za nenosiri lako kwa kimoja, nafasi hiyo ndiyo mkosaji. Idadi ikilingana, chunguza herufi ya kwanza.

Boksi langu la bei nafuu halionekani kwenye Google Home. Programu nyingine ya rimoti inanitaka niwashe USB debugging. Niendelee?

Usiendelee. Boksi lisiloonekana ingawa mtandao ni mmoja mara nyingi si Android TV halisi, bali Android ya chanzo huria iliyopambwa ifanane nayo, isiyo na huduma ya rimoti ya Google. Ukiwasha ruhusa hiyo unawapa wengine mlango wa kuliamuru boksi lako, na baadhi ya maboksi ya aina hii huuzwa mlango huo ukiwa tayari wazi kupitia mtandao.

Nasema hivi hata kwa wasioniuliza. Kwenye Android TV halisi, simu na boksi huunganishwa kwa msimbo wa herufi na tarakimu sita unaoonekana kwenye televisheni, kisha maandishi husafiri yakiwa yamefichwa kwa usimbaji. Kwa hiyo hatari ya nenosiri haiko njiani bali mwisho wa safari, ndani ya boksi. Juni 2025 FBI ilitahadharisha kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa katika vifaa vya Android vya bei nafuu, yakiwemo maboksi ya televisheni, katika baadhi yake ikiwa imewekwa kabla ya kuuzwa. Mwezi uliofuata Google iliwashtaki waendeshaji wa BADBOX 2.0, ikitaja vifaa zaidi ya milioni 10.

Kibodi ya simu iwe ya kutafutia filamu. Kuingia kwenye akaunti, chagua njia ya msimbo kila inapokuwepo: televisheni huonyesha msimbo, nawe unauingiza kwa simu, kwa YouTube kwenye youtube.com/activate, na nenosiri haligusi boksi. Anwani hiyo iandike mwenyewe, kwani ukiitafuta unaweza kuangukia kurasa za matapeli zinazodai ada ya kuwasha akaunti.

Kama nenosiri la Gmail umekwisha kuliandika kwenye boksi la bei nafuu la aina hiyo, libadilishe leo kwa kutumia simu, kisha fungua myaccount.google.com, tafuta orodha ya vifaa katika sehemu ya usalama, na uliondoe boksi hilo.