Kabla ya bei, uliza chupa itafunguliwa lini

SWALI LA WIKI: "Jumamosi nimealikwa chakula nyumbani kwa mtu anayekunywa. Nibebe bia, mvinyo au pombe kali? Nina shilingi elfu hamsini na sitaki kuaibika."

Nina grosari ya vinywaji hapa Moshi, huu ni mwaka wa 12, na karibu kila Ijumaa jioni huja mtu wa namna hii. Gari kaliegesha vibaya, injini inaunguruma, anataka nimchagulie "kitu kizuri" haraka haraka. Wengi huanza na bei. Mimi huanza na swali jingine: chupa hiyo itafunguliwa siku hiyohiyo wageni wakiwepo, au itawekwa kabatini? Ukishalijibu hilo, bei hujipanga yenyewe.

Bia ni ya siku hiyohiyo, na kila mtu hushika chupa yake. Hapo ndipo elfu hamsini inapokwama. Wakiwa wanywaji watatu, bia ni zawadi nzuri kuliko zote. Wakiwa kumi, chupa zako sita zitamletea mwenyeji kazi ya kuamua nani apewe na nani arukwe. Bia au itoshe, au usiibebe kabisa. Halafu iwe ile anayokunywa yeye. Mtu wa Safari ni wa Safari, na wa Kilimanjaro hivyohivyo. Ukimletea ya bei ya juu ya kigeni atakushukuru vizuri, kisha atamtuma kijana dukani kwangu kufuata ya kwake. Kama hujui anakunywa ipi, siku ukipita kwake tazama chupa tupu zilizopangwa nyuma ya jiko.

Jambo ambalo watu husahau ni hizo chupa tupu. Ukichukua kreti kwangu nitakudai kreti na chupa za kubadilishana, au uniachie pesa ya amana. Sasa kreti likishabaki kwa mwenyeji, utarudi Jumatatu kumdai chupa? Huwezi. Kwa hiyo ama hesabu amana hiyo kuwa sehemu ya zawadi, ama nunua makopo. Na nikikuuliza "ya moto au ya baridi?", usijibu ya baridi kwa mazoea. Kama safari ni ya saa moja na friji ya mwenyeji imejaa nyama, bia itafika imeshapata joto nusu na haina pa kuingia. Chukua ya moto pamoja na barafu, uombe beseni ukifika. Zile za chupa ya kijani au nyeupe usizichukue dirishani zinakopigwa na jua. Mwanga huharibu hopsi mle ndani, yale maua yanayoipa bia uchungu, ukiifungua unasikia harufu kama mpira ulioungua. Chupa ya kahawia hustahimili zaidi.

Mvinyo ndio ulioniaibisha mimi mwenyewe, kabla sijafungua duka. Tulikwenda Marangu kwa mjomba wa mume wangu, mzee wa mbege. Nilijikakamua nikanunua mvinyo mwekundu wa kutoka nje, bei ambayo sikumwambia mume wangu. Kwanza, nyumba nzima haikuwa na kizibuo. Kijana wa pale akakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa kijiko, mvinyo ukaruka mpaka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Mzee akaonja, akanyamaza, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, huu umechacha au ndivyo ulivyo?" Ndivyo ulivyokuwa. Ulikuwa mvinyo mkavu, ule ambao wauzaji tunauita drai. Waliumaliza kwa kuuchanganya na soda.

Nimejifunza baadaye kilichotokea. Sukari ya zabibu ikichachuka yote hadi mwisho, utamu huisha, kinachobaki ni ukali wa tindikali, na kwa mwekundu unaongezeka ule ukakasi wa maganda unaoukausha ulimi. Kwa kanuni za lebo za Ulaya, mvinyo mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, na mtamu huanzia gramu 45. Tofauti ni kama ya chai isiyo na sukari na chai ya mgahawani. Sasa nyumba nyingi za kwetu, mtu akisema "mimi nakunywa mvinyo", anamaanisha mtamu. Kwa hiyo ukiwa hujui, chukua mtamu. Wa Dodoma upo, na kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Unauzwa kwa bei ambayo huku kwangu ni chini sana ya ule wa kutoka nje. Kama mwenyeji ni mjuzi, anazungushazungusha glasi kabla ya kunywa, mpelekee mkavu. Huyo utamtambua kwa sababu kizibuo kipo na hata hakifichwi droo.

Mengine ya mvinyo ni machache. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za kawaida, basi. Usiiwekee matumaini ya watu kumi. Wenye kifuniko cha kuzungusha unakuondolea habari ya kizibuo. Ukiona kizibo kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa, au mvinyo umevuja chini ya ile karatasi ya shingoni, ujue chupa ilipata joto mahali, iache. Wala usiuache kwenye gari juani wakati mnasimama njiani kula ndizi. Na mkavu ukishafunguliwa unakaa siku tatu hadi tano kwenye friji, kisha unageuka. Mwenyeji anayekunywa peke yake, glasi moja kwa wiki, unampa siki ya saladi.

Pombe kali ndiyo inayosubiri. Ikifungwa vizuri na kuwekwa mbali na jua, hata ikishafunguliwa hukaa miezi bila kuharibika. Na inagawanyika: chupa ya mililita 750 kwa toti za mililita 30 ni toti 25. Kwa mfuko mdogo na watu wengi, hesabu hiyo haishindwi na bia wala mvinyo. Kosa ninaloliona kila wiki ni kukimbilia wiski ya bei ya chini kuliko zote kwa sababu tu jina ni la kigeni na chupa ina picha ya farasi. Kwa pesa ileile au pungufu unapata Konyagi kubwa, ambayo kila mtu anajua ladha yake na jinsi ya kuinywa, kwa toniki na limau. Afadhali kizuri cha daraja la chini kuliko kibaya cha daraja la juu. Ila usipeleke zile chupa ndogo za mfukoni. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo bado ina sura ya mtu anayejificha nyuma ya stendi.

Zawadi ya pombe kali ina hatari moja ambayo bia haina sana, nayo ni bandia. Shika kifuniko: kikizunguka bure bila kukata pete yake, kiliwahi kufunguliwa. Panga chupa tatu za aina moja pamoja, tazama ujazo. Kiwandani hulingana, ya mtaani hupishana. Lebo iliyokaa upande na gundi inayotoka pembeni nayo inasema kitu. Stempu ya kodi ya kielektroniki ipo tangu 2019, na kwenye simu kuna programu ya Mamlaka ya Mapato iitwayo Hakiki Stempu ya kuisoma. Muuzaji akikununia ukiskani, nenda duka lingine. Mimi sinuni.

Mwezi uliopita alikuja kijana na hizohizo elfu hamsini.

"Shikamoo mama. Naomba wiski yoyote ya elfu hamsini."

"Marahaba mwanangu. Unampelekea nani?"

Kaka wa mke wake, Machame, chakula cha Jumapili. Nikamuuliza anakunywa nini. Safari, na wageni wakija anatoa Konyagi. Na mke wa huyo shemeji? Hapo akasita kidogo. "Mvinyo kidogo, ule mtamu, akiwa na wenzake wa kikoba." Watakuwa wangapi? Kama kumi, na watoto.

Wiski tukaiondoa, shemeji yake hainywi. Bia za watu kumi, hata mbili mbili, pesa isingetosha, na kreti lingemlaza na deni la chupa. Nikamwekea Konyagi kubwa, 16,000, chupa moja ya mvinyo mtamu wa Dodoma yenye kifuniko cha kuzungusha, 15,000, na toniki sita kwa 6,000. Jumla 37,000. Zile 13,000 nikamwambia anunue soda za watoto na malimau, kwa sababu kwenye zawadi ya mwanamume kwa mwanamume, mama wa nyumba na watoto ndio husahaulika, na huyo mama ndiye aliyepika. Nikamwelekeza pia mvinyo ampe shemeji wa kike mkononi, asiuweke mezani na Konyagi.

Niulize pia lile la mwisho ninalomuuliza kila mtu, maana hapo ndipo aibu kubwa ilipo: una hakika bado anakunywa? Watu huokoka, huanza dozi ya dawa, daktari huwakataza, au wanaamua tu kuacha na hawatangazi. Mpigie mke wake, au mtoto mkubwa, uulize kijuujuu, "baba siku hizi anatumia nini?" Ukisikia kigugumizi, beba sukari, mchele mzuri au kikapu cha matunda, na wala usieleze kwa nini.

Kijana alirudi Jumanne na ile chupa ya mvinyo ikiwa tupu, akidhani naibadilisha kama ya bia. Haibadilishwi, nikamwambia. Konyagi, niliyomhakikishia kuwa itawekwa kabatini, shemeji yake aliifungua kabla ya chakula, na hadi saa kumi na moja ilikuwa imebaki chini ya lebo. Akaniuliza kama ninayo nyingine. Ninayo.